Kutoka Tufe Hadi Zimwi: Ni Wakati Gani wa Kuongeza Undani

Fungua Blender, futa ule mchemraba wa kijivu unaokupokea kila mara, kisha weka tufe. Menyu ya Add ina matufe mawili. UV Sphere limegawanywa mithili ya ramani ya dunia, lina ncha juu na chini ambako mistari yote hukutana, na ukichonga karibu na ncha hizo utaona mikunjo inayokimbilia nukta moja. Ico Sphere ni pembetatu tupu. Watu hubishana lipi bora, na mimi sijaona sababu ya ubishi huo, maana wavu wowote utakaoanza nao hautadumu hata dakika tano. Chukua UV Sphere, acha nusu kipenyo chake kiwe mita 1 kama lilivyokuja, ingia Sculpt Mode, washa ulinganifu wa mhimili wa X ili kinachofanyika shavu la kulia kifanyike na la kushoto, tuanze.

Katika sura hii tunachonga kichwa cha zimwi. Uzuri wa zimwi ni kwamba kila bibi alilisimulia kivyake, kwa hiyo hakuna atakayekuambia umekosea. Ubaya wake ni huohuo: kitu kisicho na mfano hai huishia kuwa uvimbe wenye meno. Ndiyo maana nimeliazimia zimwi letu viungo vya wanyama wawili wanaojulikana. Fuvu ni la fisi madoa, ngozi ni ya kichwa cha mamba. Fisi atatupa maumbo makubwa, mamba atatupa madogo, na kazi yetu yote ni kujua lini tumemalizana na fisi ndipo tumwite mamba.

Kwanza tuelewe kinachotokea ukibonyeza Ctrl+R ukiwa ndani ya Sculpt Mode. Blender huijaza nafasi linapokaa umbo lako kwa vijimchemraba vya ukubwa mmoja. Hivyo ndivyo vokseli. Kisha hutazama kipi kiko ndani ya umbo na kipi kiko nje. Pale ambapo jirani mmoja yuko ndani na mwenzake yuko nje, hapo ndipo mpaka, na kwenye mpaka huo hutandazwa ngozi mpya ya poligoni za pembe nne. Ngozi ya zamani hutupwa. Hesabu hizi hufanywa na OpenVDB, maktaba iliyobuniwa ndani ya DreamWorks Animation na kutolewa bure kwa umma mwaka 2012. Kwenye Blender, kitufe hiki kiliwafikia wachongaji kupitia toleo 2.81, mwishoni mwa 2019.

Kutokana na utaratibu huo, mambo kadhaa yanaeleweka bila kukaririshwa. Poligoni zilizovutika zikawa ndefu na nyembamba hurudi kuwa sawa, kwa sababu programu haikumbuki zilikuwaje. Vitu viwili vilivyopishana huwa kitu kimoja, kwa sababu vijimchemraba vya katikati vyote viko ndani. Umbo lenye tundu, kama tufe lililokatwa chini likaachwa wazi, huleta vituko, kwani programu haiwezi kuamua ndani ni wapi. Na kitu chembamba kuliko vokseli hupotea au hutoboka, kama vile mwanya mwembamba kuliko vokseli unavyozibika. Hili la mwisho ndilo litakalotusumbua tukifika kwenye masikio na midomo.

Ukubwa wa vokseli umeandikwa kwenye kisanduku cha Voxel Size, ndani ya menyu ya Remesh. Thamani inayokuja na programu ni 0.1 m, yaani sentimita 10. Tufe letu kwa ukubwa huo huwa na poligoni kama 1,900 hivi. Ukiupunguza hadi 0.05 unapata kama 7,500, na kwa 0.025 unapata kama 30,000. Kila ukiugawa ukubwa wa vokseli kwa mbili, idadi ya poligoni huzidishwa kwa nne. Ndiyo maana mtu akiandika 0.001 kwa papara anaiomba kompyuta poligoni zaidi ya milioni 18, na kompyuta huganda papo hapo. Badala ya kukisia namba, bonyeza R: mraba wenye gridi utatokea juu ya modeli, usogeze kipanya mpaka macho yaridhike na ukubwa wa vyumba vyake. Iwapo gridi hailingani na kinachotokea, tuhuma ya kwanza iwe kwamba ulilikuza tufe ukiwa Object Mode bila kuthibitisha kipimo. Ctrl+A, kisha Scale, tatizo limekwisha.

Sasa tuko kwenye 0.1. Chukua brashi ya Grab, ifanye kubwa kiasi cha kufunika robo ya kichwa, na uvute. Pua ya fisi si ndefu kama ya mbwa mwitu. Ni fupi, pana, nzito mbele. Kidevu chini ni kinene. Shingo ni nene karibu sawa na kichwa, kwa sababu mnyama huyu hubeba vipande vya mzoga kwa mdomo. Vuta pua, vuta shingo, kandamiza mbavu za kichwa, kisha Ctrl+R. Vuta tena, Ctrl+R tena. Hapa hutahitaji zaidi ya Grab, na Snake Hook kwa kitu kinachochomoza. Poligoni ni chache mno kiasi kwamba huwezi kuchora kasoro ndogo hata ukitaka, na hilo ndilo tunalolitaka. Mkono wako hauna pa kukimbilia ila kwenye umbo lenyewe.

Mchongaji anayeanza hukaa hapa dakika chache, akachoka na uvimbe wa kijivu, akapunguza vokseli ili aone kitu chenye uhai. Ukimuuliza anakwenda kuongeza nini, atasema undani. Jibu hilo halitoshi. Kipimo ninachokitumia ni hiki: kabla ya kupunguza vokseli, taja kwa jina umbo unalotaka kulichonga ambalo brashi imekataa kulitoa. Ukisema “upinde wa shavu hausimami, unayeyuka kila nikiuinua,” una sababu. Ukisema “kionekane vizuri zaidi,” rudi kwenye Grab.

Namna ya kujua kwamba 0.1 imekwisha kazi ni kukitazama kivuli chake. Kwenye mipangilio ya Viewport Shading chagua Flat, kisha rangi moja nyeusi, halafu uzungushe modeli. Kinachobaki ni mstari wa nje tu. Ubavuni je, unaona pua fupi, paji linalopanda, mgongo wa shingo? Kutoka mbele je, kichwa ni kipana zaidi mashavuni kuliko utosini? Kutoka juu je, ni kama pembetatu butu? Ikiwa kivuli cha upande mmoja kinasema fisi na cha mbele kinasema kiazi, hakuna vokseli ndogo itakayokiokoa. Kuhamisha pua nzima kwa poligoni 2,000 ni mvuto mmoja wa mkono. Kuihamisha kwa poligoni 200,000 ni kusukuma tope: brashi inasogeza ukingo, katikati inabaki nyuma, na unamaliza na mawimbi usiyoyataka.

Masikio na pembe sikuvichomoza kutoka kwenye kichwa. Ni matufe mengine. Unaweka tufe dogo, unalirefusha kuwa pembe, unalichomeka paji la uso hadi sehemu yake iingie ndani ya kichwa, na unafanya vivyo hivyo upande wa pili. Faida ya kuviacha mbali ni kwamba unaweza kuzihamisha pembe mara kumi bila kukigusa kichwa. Ukisharidhika, thibitisha kipimo cha kila kimoja kwa Ctrl+A, chagua vyote, Ctrl+J kuviunganisha, rudi Sculpt Mode, Ctrl+R. Shina la pembe sasa limemea kwenye paji. Sikio lina mtego wake. Nilichonga sikio la zimwi lenye unene wa kama sentimita 4, na kwa vokseli ya sentimita 10 ni wazi lingerudi likiwa vipande. Kwa hiyo masikio yalisubiri. Yaliunganishwa kwenye 0.025, tena baada ya kunenepeshwa kidogo kwa Inflate. Sikio linene unaweza kulichonga likawa jembamba baadaye. Sikio lililotoboka huna la kulifanya zaidi ya kurudi nyuma kwa Ctrl+Z.

Macho, kwa upande mwingine, usiyaunganishe kabisa. Weka matufe mawili kamili mahali pa mboni, yaache yawe vitu vya peke yake hadi mwisho wa kazi. Kope hufuata mviringo wa jicho, na pasipo tufe halisi chini yake utachonga kope za mtu aliyevimba. Yaweke mapema, tangu 0.1, hata kama bado hakuna tundu la jicho.

Kwenye 0.05 tunamwita fisi kwa dhati. Fisi madoa anavunja mifupa ya mzoga, na fuvu lake limejengwa kwa kazi hiyo. Juu ya utosi, katikati, kuna kigongo cha mfupa kinachoanzia nyuma ya paji na kwenda hadi kisogoni. Hapo ndipo msuli mkubwa wa kufungia taya ulipojishikiza. Msuli huo hushuka, hupita ndani ya upinde wa shavu, na kushika taya la chini. Kwa kuwa msuli ni mnene, upinde wa shavu hauna budi kusimama mbali na fuvu ili uupishe. Ukilijua hilo, kichwa kinajichonga: ukitaka zimwi lionekane lina nguvu ya kung’ata, panua upinde, inua kigongo, jaza nafasi kati yao. Clay Strips ni brashi ya kazi hii. Inaweka udongo bapa, tabaka juu ya tabaka, na kwa 0.05 tabaka hizo huonekana kama nyuso bapa zinazokutana kwa kona. Usizilainishe haraka. Kona hizo ndizo zinazokuonyesha mfupa unapoishia na nyama inapoanzia.

Kwenye 0.025 ni zamu ya mdomo, kope, matundu ya pua na mikunjo mikubwa ya shingo. Mdomo ndipo vokseli zinapoonyesha ukomo wao. Chonga mstari wa midomo kwa Crease, ukandamize vizuri, halafu Ctrl+R: mara nyingi utakuta midomo imeshikana, mstari umebaki kama kovu. Mwanya ulikuwa na upana wa sentimita moja na nusu, vokseli ni mbili na nusu, basi programu haikuona mwanya wowote. Unaweza kupunguza vokseli zaidi, ila dawa nafuu ni kuuachamisha mdomo. Zimwi letu liko wazi kinywa kwa kiasi cha kupitisha ngumi, na taya zitakutana baadaye, wavu utakapokuwa haubadiliki tena.

Kitu kimoja hakisemwi vya kutosha: kwenye vokseli unaweza pia kurudi juu. Ukigundua shavu limejaa vinundu visivyo na maana, panda kutoka 0.025 hadi 0.04, bonyeza Ctrl+R, vinundu vitamezwa na umbo kubwa litabaki. Nakuambia hivyo kwa sababu wengi huchukulia namba hiyo kama ngazi ya kushuka tu, na huishia kulainisha kwa Smooth saa nzima kitu ambacho vokseli kubwa ingekimaliza kwa kubonyeza mara moja. Utapoteza kope, naam. Kope za kwenye uso wenye vinundu zingechongwa upya vyovyote vile.

Je, kwa nini tusiendelee kupunguza vokseli hadi 0.005 tukachonga magamba huko huko? Kwa kichwa chetu, ambacho ngozi yake sasa ina eneo la kama mita 15 za mraba, hiyo ni kama poligoni 900,000, na kompyuta nyingi za kawaida zitazimudu. Shida ni kwamba kuanzia hapo hakuna kurudi kwenye umbo kubwa bila kuumiza kilichochongwa juu yake. Kila Ctrl+R inayeyusha kidogo kingo za magamba. Na vokseli ni za ukubwa mmoja kila mahali: ukitaka undani kwenye kope, unaulipia hadi kisogoni. Mamba anahitaji mfumo unaoweka umbo kubwa na umbo dogo katika droo tofauti, na mfumo huo ni Multiresolution.

Multiresolution ni modifaya. Inachukua wavu wako wa msingi, inagawa kila poligoni kuwa nne, kisha nne tena, na kila ngazi hukumbuka tu ni kiasi gani uso umesogea kutoka kule ambako ngazi ya chini ingeuweka. Ndiyo maana unaweza kushuka ngazi ya 1, ukaisogeza pua, ukapanda ngazi ya 5 na kukuta magamba yamekwenda pamoja na pua. Masharti yake ni mawili. Wavu wa msingi haubadiliki tena: hakuna Ctrl+R, na ukiingia Edit Mode kuongeza au kukata poligoni, undani wote wa juu unaweza kuvurugika. Na wavu huo uwe mwepesi na wenye mpangilio, kwani mgawanyo wowote utafuata mistari yake.

Wavu uliotoka kwenye vokseli hauna sifa ya pili. Mistari yake inafuata mihimili ya dunia, si mzunguko wa jicho wala wa mdomo, na umejaa nyota, yaani nukta ambako mistari mitatu au mitano inakutana badala ya minne. Tena una poligoni elfu thelathini na kitu tayari, kwa hiyo hata ngazi yako ya chini kabisa si nyepesi. Kwa sanamu ya kupigwa picha moja naweza kuvumilia. Kwa zimwi tunalotaka kulisahihisha hadi siku ya mwisho, tunajenga wavu mpya.

Nakili kichwa kwa Shift+D na uite nakala ile ya zamani jina usilolisahau. Kwenye nakala mpya nenda Object Data, paneli ya Remesh, chagua Quad, ubonyeze QuadriFlow Remesh. Acha idadi ya poligoni 4,000. QuadriFlow hutafuta mwelekeo wa uso wenyewe, na kwa kichwa hufanya kazi ya kuridhisha: mistari huzunguka pembe na kufuata pua. Ikague kwenye mashina ya pembe, maana wakati mwingine mistari hujiviringisha kama skrubu badala ya kufunga pete. Ukiona hivyo badili idadi, jaribu 4,500 au 5,000. Mwenye subira atajenga wavu kwa mkono, na kwa kichwa kitakachosema na kupepesa macho kwenye filamu sina ushauri mwingine zaidi ya huo. Kwa zimwi la kusimama, QuadriFlow inatosha.

Wavu mpya umepoteza kope na midomo, kwa kuwa poligoni 4,000 haziwezi kuvibeba. Tunavirudisha hivi: ongeza modifaya ya Multiresolution, bonyeza Subdivide mara mbili, kisha chini yake ongeza Shrinkwrap inayolenga kile kichwa cha zamani, na uithibitishe kwa Apply. Uso mpya unajibandika juu ya ule wa zamani, na tofauti inahifadhiwa ndani ya ngazi za Multiresolution. Ongeza ngazi ya tatu, rudia Shrinkwrap. Ndani ya kinywa ndiko hujitokeza makosa, ambako ukuta wa juu hujibandika kwenye ulimi kwa kuwa ulimi ulikuwa karibu zaidi. Hapo lainisha kwa mkono.

Tuangalie sasa tuna nini. Kichwa cha mita 15 za mraba kwa poligoni 4,000 kina poligoni zenye ubavu wa kama sentimita 6. Ngazi ya 1 ina poligoni 16,000 zenye ubavu wa sentimita 3, na kila ngazi ubavu unapungua nusu. Ngazi ya 3 ina 256,000 na ubavu wa milimita 8 hivi, ngazi ya 4 ina milioni moja na ubavu wa milimita 4, ngazi ya 5 ina milioni nne na ubavu wa milimita 2. Ubavu huo ndio unaokuambia lini upande. Kitu chochote chenye kingo, iwe mkunjo au ufa, kinahitaji poligoni nne au tano katika upana wake ili kionekane na pande mbili na sakafu. Ufa wa sentimita 2 kwenye ngazi ya 2 unapata poligoni moja na ushei: utaona mtaro uliopooza, usio na ukingo, na utajaribu kuuokoa kwa kukandamiza brashi zaidi. Kwenye ngazi ya 4 unapata poligoni tano. Kwa hiyo nyufa za sentimita 2 ni kazi ya ngazi ya 4, na hakuna haja ya kuwepo ngazi ya 4 mpaka kila kitu kilicho kipana kuliko nyufa hizo kimetulia.

Sasa mamba aingie. Magamba ya mwilini mwa mamba yamepangika kwa safu, lakini ya kichwani hayana safu. Ni vipande vya pembe nyingi visivyolingana, vilivyotenganishwa na mistari ambayo baadhi yake hukatika njiani bila kufika popote. Timu ya Michel Milinkovitch wa Chuo Kikuu cha Geneva imelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ikaonyesha kwamba magamba hayo hayatokei kila moja mahali palipopangwa na jeni kama manyoya ya ndege yanavyotokea. Hutokea kwa nguvu za kimakanika. Ngozi ya taya inakua haraka kuliko mfupa ulio chini yake, nayo ikikosa nafasi hujikunja. Mchongaji anapata maelekezo kamili hapo. Ngozi inapozunguka kona ya taya, mistari hugeuka ikifuata kona. Pande mbili za uso hazifanani. Zima ulinganifu wa X kabla ya mstari wa kwanza, vinginevyo zimwi litaonekana limevaa kitambaa kilichokunjwa katikati.

Unaona basi kwa nini upinde wa shavu ulitakiwa kukamilika kwanza. Mpangilio wa magamba unaufuata mfupa. Ukiyachonga kabla mfupa haujakaa, halafu ukausogeza, hayatakuwa tena na sababu ya kuelekea yalikoelekea. Ni sawa na lipu: haiwezi kunyoosha ukuta uliopinda.

Nilivyofanya ni hivi. Kwenye ngazi ya 3, kwa Draw Sharp, nilichora mistari mikuu tu: mmoja kutoka kona ya jicho hadi kona ya mdomo, mingine ikizunguka matundu ya pua, miwili mitatu ikishuka taya. Vipande vilivyobaki kati yake vilikuwa na upana wa sentimita 10 hadi 20. Kisha nikarudi ngazi ya 1, nikatazama umbo bila mistari, nikapunguza unene wa shavu la kushoto ambalo mistari ilikuwa imelifichua kuwa zito. Nikapanda 4. Hapo mistari mikuu nikaichimba iwe na kingo, nikagawa vipande vikubwa kuwa vidogo, na kila kipande nikakiinua katikati kwa Inflate hafifu ili kisionekane kama kigae. Sehemu ya chini ya jicho na utosi niliziacha karibu tupu. Jicho la mtazamaji linahitaji mahali pa kupumzika.

Kuna dalili mbili kwamba umepanda mapema. Ya kwanza utaiona ukigeuza mwanga. Chagua MatCap inayong’aa, zungusha modeli polepole, na utazame mng’ao unavyopita shavuni. Juu ya umbo lililotulia mng’ao huteleza. Ukiwa unatetemeka, unakatika na kuungana tena, uso una mawimbi, na mawimbi hayo yalitoka kwenye ngazi ya juu ambako ulijaribu kujenga shavu kwa brashi ndogo. Usilainishe huko juu, kwani Smooth kwenye ngazi ya 5 itafuta magamba na kuyaacha mawimbi. Shuka ngazi ya 2, lainisha hapo, panda tena: mawimbi yamekwenda, magamba yapo. Dalili ya pili ni miiba midogo inayochomoza karibu na kope na kona za mdomo unapobadili ngazi. Hiyo hutokea ukivuta umbo kubwa kwa Grab ukiwa juu kabisa, hadi uso wa juu unapishana mno na msingi. Kitufe cha Apply Base huusogeza msingi uelekee umbo la juu, na mara nyingi miiba hupungua. Iliyobaki inalainishwa mmoja mmoja.

Na usishtuke ukitoka Sculpt Mode ukakuta magamba hayapo. Modifaya ina namba tatu tofauti, Level Viewport, Sculpt na Render. Ya kwanza ndiyo unayoiona ukiwa Object Mode, na huenda imesimama kwenye 1.

Baada ya ngazi ya 4 nilibaki na swali la vinyweleo na vitundu vya ngozi, vya milimita 3 au 4. Kwa kipimo chetu cha poligoni nne, kitundu cha milimita 4 kinataka ubavu wa milimita 1, yaani ngazi ya 6, poligoni zaidi ya milioni 16. Kompyuta yangu ingezibeba kwa shida, na zimwi lisingeonekana tofauti kwa mtu aliyesimama mbali zaidi ya hatua chache. Kwa hiyo nilipanda ngazi ya 5 kwa ajili ya kope, midomo na mikunjo midogo ya pua peke yake. Vitundu nikaviacha kwa picha ya ngozi, ambayo hupakwa juu ya modeli na kudanganya mwanga bila kuongeza poligoni hata moja. Ili picha hiyo ikae, wavu wa msingi unafunguliwa kuwa ramani bapa ya UV, na Cycles, kwenye paneli ya Bake, ina chaguo la Bake from Multires linalouhamisha undani wa ngazi ya 5 kuwa picha ya Normals ya kuvikwa ngazi ya 1. Kabla ya kuoka nilizifunga taya za zimwi hadi midomo ikagusana, nikiwa ngazi ya 1, kwa Grab moja kubwa na barakoa juu ya fuvu la juu. Midomo haikushikana, kwani wavu haukujengwa upya, na nyufa za kwenye taya la chini zilipanda pamoja nalo.